Sita au Tisa: Boksi la Viatu Lililokwenda Nansio

Maneno haya niliyasema ukumbini Capripoint, hapa Mwanza, mbele ya wahudumu wa simu wa kampuni za mizigo, mabasi na boti. Walioniomba nakala walikuwa wengi, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikiacha tu sehemu niliyokohoa na ile ambayo umeme ulikatika.

Ndugu mwenyekiti, wahudumu wenzangu, mwangaluka. Na ninyi mliotoka Bukoba na Musoma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya mpigaji mwenye hasira. Wengi wanaofundisha jambo hili huanzia moyoni: mvumilie, mpende mteja, tabasamu hata kama hakuoni. Mimi nilianza kazi kwenye swichibodi, enzi za kuchomeka waya na kusema "subiri nikuunganishe", nikaja kumalizia kama msimamizi wa dawati la simu katika kampuni moja ya mizigo ya hapa mjini ambayo jina lake tuliache. Miaka yote hiyo imenionyesha kwamba hasira nyingi za simuni huzaliwa na neno lililosikika vibaya, kisha hunenepeshwa na neno lililojibiwa vibaya. Kwa hiyo leo nitakaa kwenye mdomo na sikio. Moyo wa kila mmoja aushughulikie mwenyewe.

Nimekuja na simu moja tu. Ilipigwa asubuhi, saa tatu kasoro, na mama mmoja wa Ukerewe mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Wiki iliyotangulia alikuwa amenunua taa na chaja za sola kwenye duka moja la Makoroboi, na mwenye duka akauleta mzigo kwetu, boksi moja, namba 961. Mwanzoni mama alisema angekuja mjini kulichukua mwenyewe. Baadaye akapiga simu kubadilisha: mnipakilie kwenye boti ya Nansio. Mhudumu wetu akaandika namba, akapakia. Mama akapanda bodaboda kutoka mwaloni kwake mpaka Nansio, akasaini, akafungua boksi, akakuta viatu vya watoto. Jozi arobaini. Viatu vile vilikuwa mzigo namba 691, mali ya mfanyabiashara wa Sengerema, ambaye saa hiyo hakuwa na habari kwamba vimeshavuka ziwa.

Simu zetu zilikuwa zinarekodiwa, na hii niliisikiliza mara nyingi mpaka nikaishika kichwani. Ilianza hivi.

"Habari za asubuhi, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Nyie watu mmeniletea viatu! Mimi nivue dagaa kwa viatu?"

"Shikamoo mama. Naomba kwanza utulie."

"Nitulie nini? Giza limeingia, wavuvi wangu wamekaa!"

"Mama, giza gani tena? Si asubuhi hii?"

Mnacheka. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza. Kijana aliyepokea simu ile hakuwa anamdhihaki mama wa watu. Alikuwa amekuja Mwanza miezi michache kabla, kutoka huko kusikokuwa na ziwa, na giza kwake lilikuwa ni usiku. Lakini mliokulia mialoni mnajua alichosema mama. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: taa inawavuta juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi hupumzishwa na watu hushona nyavu. Mwezi ukifa, giza linaingia, na hizo ndizo siku za kutafuta hela. Kwa hiyo mama alipotamka "giza limeingia" alikuwa ametaja tarehe ya mwisho ya mzigo wake, hasara yake na watu anaowalisha, vyote kwa maneno mawili. Sisi tukamjibu kwamba kumekucha.

Naomba mlitazame hilo kwa karibu. Mpigaji mwenye hasira hufungua simu na jambo lake zito kuliko yote. Analitoa mwanzo kabisa, ndani ya pumzi mbili tatu za kwanza, kwa sababu ndilo lililomkaba koo. Na sisi pumzi hizo hizo ndizo tunazozitumia kutunga utetezi wetu. Anasema, hatusikii, tumeshaanza kufikiria nani alipakia mzigo. Dawa yangu ilikuwa kalamu. Pembeni ya kibodi niliweka daftari, na mtu akianza kufoka niliandika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyatafsiri: viatu. giza. wavuvi wamekaa. Neno nisilolielewa nililipigia mstari, nikaliuliza baadaye, kwa adabu, baada ya yeye kumaliza. Mkono ukiwa unaandika, mdomo hupata kazi ngumu ya kubisha. Jaribuni.

Tena msimkate. Niliwahi kujipima kwa kusikiliza rekodi zangu mwenyewe: mtu ambaye sikumkatiza alikuwa anamwaga yote kwa dakika moja, mara nyingi pungufu. Niliyemkatiza alirudi mwanzo. Ukimkatiza mara tatu umesikia hadithi moja mara nne, na kila mara sauti imepanda ngazi.

Ila kutokumkata hakumaanishi kunyamaza kimya. Ana kwa ana mtu anakuona unatikisa kichwa. Kwenye simu kimya ni kimya tu, na mpigaji wa kisiwani, ambako mtandao huja na kuondoka, atadhani laini imekatika. Utamsikia: "Haloo? Haloo? Upo?" Na hapo hasira inaongezeka kwa sababu isiyo yako wala yake. Basi kila anapovuta pumzi, mpe neno fupi kwa sauti ya chini: "naam", "ndiyo mama", "nakusikia". Jihadharini na "sawa". Sawa moja ni nzuri. "Sawa, sawa, sawa" ya harakaharaka kwa sikio la mtu mwenye hasira inamaanisha maliza uondoke.

Turudi kwa kijana wetu. Alisema "utulie". Neno hili mliondoe kabisa kwenye dawati. Ukimwambia mtu atulie umemwambia kwamba tatizo ni yeye, na boksi la viatu umeliweka pembeni. Ndugu zake ni "punguza jazba", "ongea taratibu", na lile baya kuliko yote, "usinifokee". Ukitaka mtu apunguze sauti, punguza yako. Akija juu, sikio lako litataka kukupandisha umfuate, ndivyo tulivyoumbwa. Wewe shusha, na hasa shusha mwishoni mwa sentensi. Sentensi inayoishia juu inasikika kama ubishi, inayoishia chini inasikika kama mtu aliyekwisha kukaa kitini. Sauti ya chini lakini si ya kunong'ona, maana ukinong'ona atasema "ongeza sauti!" na mmerudi kulekule.

Na shikamoo je? Kuna wanaoniuliza kama mtu anayefoka anasalimiwa. Anasalimiwa. Huku kwetu kumwingia mtu mzima bila salamu ni tusi la pili juu ya lile la kwanza. Lakini iwe moja, na iwe mwanzoni kabisa, kabla hajasema jambo lake. Kijana wetu alifungua kwa "habari za asubuhi" ya maandishi, mama akalipuka, ndipo akaikumbuka shikamoo na kuitumbukiza katikati ya viatu. Ikasikika kama njia ya kumnyamazisha. Mama hakuitikia, na asipoitikia usirudie. Usimdai mtu marahaba. Na msimzungushe na habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Hizo ni za siku ya heri.

Sasa kuna maneno matatu ambayo Kiswahili kimetupa na tunayachanganya kila siku: pole, samahani, na tunaomba radhi. Pole ni ya mwenye mzigo. Inasema nimeuona uzito wako. Haisemi nani ameuweka. Ndiyo maana unaweza kumpa mtu pole hata kabla hujajua lolote, kama unavyompa aliyefiwa, na hakuna bosi atakayekuuliza kwa nini umekiri kosa. Samahani ni ya kupita mbele ya mtu: samahani mama, nirudie namba. Tunaomba radhi ni ya mkosaji. Ukiitoa kabla hujaangalia kitu unadanganya, na mpigaji anajua unadanganya, kwa sababu hata hujamuuliza namba ya mzigo. Ukishaangalia ukakuta kosa ni lenu, pole peke yake inageuka kejeli. Mtu amekukanyaga mguu halafu anakwambia pole kana kwamba ni jiwe lililokukanyaga. Kwa mama wa dagaa palihitajika pole mwanzoni na radhi baada ya dakika mbili. Kijana wetu alitoa samahani saba. Nilizihesabu.

Simu ile ya kwanza iliisha mama akikata. Kijana alibaki ameshika maiki ya hedifoni kama mtu aliyeshika mkia wa ndoano. Nikakaa kwenye kiti chake. Lakini kabla sijampigia mama, nilitaka kujua viatu vilifikaje Nansio, kwa hiyo nilitafuta rekodi ya simu ile nyingine, ile ya kubadilisha safari. Na hapa ndipo penye mambo.

Mama alisema wazi: "Tisa, sita, moja." Mhudumu akajibu: "Sita tisa moja, sawa mama." Na mama akasema: "Ndiyo." Wote wawili walikuwa wazima wa masikio. Kila mmoja alisikia alichotarajia kusikia.

Kwa nini? Simu ya kawaida haipitishi sauti yote ya binadamu. Tangu enzi za waya, laini ya simu ilitengenezwa kupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na simu nyingi za mkononi bado zinabana sauti karibu na kiwango hicho. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zinapita vizuri. Kinachokatwa zaidi ni ule msisimko wa juu wa herufi kama s, f na th, kwa sababu nguvu yake kubwa iko juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana kwenye simu s na f ni kama mapacha. Sasa ondoeni konsonanti mbaki na irabu, kisha mhesabu: moja ni o-a, tatu ni a-u, tano ni a-o, saba ni a-a, nane ni a-e. Kila namba ina wimbo wake. Isipokuwa namba hizi mbili tu: sita ni i-a, na tisa ni i-a. Hata konsonanti zao ni zilezile, t na s, zimebadilishana viti tu. Laini ikiwa mbovu kidogo, upepo wa ziwa ukivuma kwenye simu ya mama, sita na tisa ni neno moja.

Kwenye makumi ni mbaya zaidi. Sitini na tisini wamerithi ugonjwa wa wazazi wao. Thelathini na themanini zote ni e-a-i-i. Hamsini na sabini nazo zinafanana kuliko mnavyodhani. Mtu akikwambia kwamba ameshatuma elfu themanini na wewe ukaandika thelathini, kesho yake utapokea simu ya hasira, na utashangaa imetoka wapi.

Tiba si ngumu. Namba ya mzigo itajwe tarakimu mojamoja, na unapoirudia usiirudie kwa namna ileile uliyoisikia, kwa sababu ukirudia "sita tisa moja" kwenye laini ileile, naye atasikia alichokisema yeye. Badilisha sura: "Tisa, ile iliyo kabla ya kumi; kisha sita, iliyo baada ya tano; halafu moja. Ni hivyo mama?" Vijana siku hizi wanasema "naini" na "siksi", na kweli hizo hazifanani hata kidogo, lakini usimlazimishe mtu mzima namba za shuleni. Pesa iseme kwa makumi, kisha kwa tarakimu: elfu themanini, nane na sifuri. Namba ya simu ikate vipande, tarakimu nne, kisha tatu, kisha tatu, na kila kipande subiri akiitikie kabla ya kwenda kingine.

Majina nayo yana mitego, hasa kwetu huku ambako r na l hubadilishana ndimi kulingana na mtu katokea upande gani wa ziwa. Hakuna cha kuchekwa hapo. Tumia majina ya mahali: R kama Rorya au L kama Lamadi? M kama Magu au N kama Nansio? B kama Bunda au P kama Pasiansi? Mpigaji hupenda mchezo huu, na nimeshaona hasira ikikatika katikati ya Bunda.

Nina jambo jingine la mdomo ambalo sijalisikia likisemwa kwenye semina. Kiswahili kinaweka kukataa mwanzoni mwa neno, kwenye silabi moja ndogo. Nitatuma, sitatuma. Umefika, haujafika. Tumepakia, hatujapakia. Na simu ya mkononi ina tabia ya kumeza silabi ya kwanza, hasa pale unapoanza kuongea baada ya kimya. Unasema "haujafika", yeye anasikia "...jafika", anajaza mwenyewe anachokitamani. Kesho yuko Nansio na bodaboda inamsubiri. Kwa hiyo habari mbaya usiifungulie kwa kitenzi. Tanguliza neno la kubeba dhoruba: "Hapana mama, mzigo bado. Bado haujafika Nansio. Uko hapa Mwanza." Kukataa kumeshasikika mara tatu kwa sura tatu, na sehemu ya mwisho imemwambia ulipo, ambalo ndilo alilokuwa anauliza.

Basi nikapiga. Nilipiga mimi, sikumsubiri yeye apige tena. Mtu wa kisiwani anatumia salio lake kutufokea kwa kosa letu, na kila dakika anaona hela inaondoka. Hata akikupigia yeye, sema mapema: "Mama, kata nikupigie mimi, salio lako lisiishe." Wengine hukataa, wakidhani unawatoroka. Usimbishie. Mwambie tu kwamba simu ikikatika utapiga namba hiyohiyo.

"Mama, shikamoo. Napiga kutoka ofisi ya mizigo Mwanza, mimi ni msimamizi. Ni juu ya boksi la viatu."

Kimya. Kisha: "Enhe."

"Pole sana mama. Umetoka mwaloni mpaka Nansio ukakuta mzigo wa mtu mwingine, na giza limeingia, na wavuvi wamekaa hawana taa."

Sikuongeza kitu. Nilikuwa nasoma daftari, maneno yake mwenyewe. Akavuta pumzi, akaanza upya, lakini safari hii kwa mpangilio: siku ngapi za giza zimebaki, wavuvi wangapi, mmoja ameshatishia kuhamia mtumbwi wa jirani. Nilisema naam, naam. Alipomaliza nilimwambia:

"Mama, nimesikiliza simu yako ya juzi. Wewe ulisema tisa sita moja. Sisi tuliandika sita tisa moja. Kosa ni letu. Tunaomba radhi."

Angalieni mpangilio. Nilimwambia kwanza kwamba yeye alitaja namba sahihi. Mtu aliyekosewa ana hofu ya siri kwamba atageuziwa kosa, na nusu ya kelele zake ni kinga dhidi ya hofu hiyo. Na nilisema "sisi tuliandika". Kiswahili kinatupa njia nzuri ya kujificha, "namba iliandikwa vibaya", kana kwamba ilijiandika. Mpigaji anaisikia njia hiyo mara moja. Hasa msitumie "wewe" ya kunyooshea kidole: "wewe mama ulisema ndiyo". Ni kweli alisema ndiyo. Ukweli huo haukuwa na kazi yoyote asubuhi ile.

Kisha nilihitaji kwenda ghalani kuhakikisha 961 ipo. Hapa wengi wanasema "subiri kidogo" na kuweka muziki. Kidogo ni kiasi gani? Nilimwambia: "Mama, nakwenda kulishika boksi kwa mkono wangu. Nitachukua kama dakika nne. Nikae nawe kwenye simu au nikupigie?" Akasema nipigie. Nilipiga kwenye dakika ya tatu, nikamwambia liko, limeandikwa jina lake, halijafunguliwa. Ukisema nne ukarudi na tatu umepata kitu. Ukisema mbili ukarudi na tano, umeanza deni jipya.

Na kama mngebaki kwenye simu, zima maiki, halafu tazama tena kama kweli imezimwa. Nasema hivi kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mhudumu, nilimwambia jirani yangu "huyu mzee ana kelele kama mnada wa ng'ombe", na maiki ilikuwa wazi. Mzee alisubiri nimalize. Halafu akasema taratibu, "Nakusikia, binti." Sijawahi kusikia sentensi nzito kuliko hiyo, na hakuifoka.

Sasa ahadi. Kwenye kazi yetu kuna maneno ambayo kwa mpigaji mwenye hasira ni moshi mtupu: tunalifanyia kazi, mara moja, sasa hivi, kesho. Kesho ya Kiswahili inaweza kuwa siku yoyote ambayo si leo. Taja siku kwa jina lake, taja saa pamoja na wakati wake. Na mtazame kompyuta zenu, zinaandika 14:00, na nimemsikia mhudumu akimwambia mvuvi "saa kumi na nne". Hakuna saa kumi na nne duniani kwa mvuvi. Hiyo ni saa nane mchana. Na 8:00 ya kwenye skrini ni saa mbili asubuhi. Mhudumu aliyesoma "saa nane" amemkosesha mtu boti.

Nilimwambia mama: "Boksi linaondoka na boti ya leo mchana. Saa nane na nusu mchana nitakupigia kukwambia limepakiwa. Huyo atakayelishusha Nansio nitamwambia alishikilie mpaka uje, hata jioni. Viatu viache palepale, tutavirudisha sisi." Kisha nikamwomba anirudishie kwa maneno yake. Hilo halipendezi sana kuliomba, inafaa ulibebe wewe: "Mama, nihakikishe kama nimeeleza vizuri, tumekubaliana vipi?" Akarudia. Alikosea saa, alisema saa tisa. Tukarekebisha. Bila hapo, nusu saa hiyo ingekuwa ugomvi wa tatu.

Kuhusu matusi nitapita haraka, kwa sababu ni machache kuliko tunavyosimulia. Mtu anayeitukana kampuni yenu anatukana hali yake, mwache amwage. Anayekutukana wewe kwa mama yako au kwa kabila lako, mwonye mara moja kwa utulivu: "Mzee, nataka kukusaidia, lakini kwa matusi haya sitaweza kuendelea." Akiendelea, mwambie unakata, kata, andika saa na maneno, mpe msimamizi. Usikate bila kumwambia. Na msimamizi anayemrudisha mhudumu kwenye simu nyingine papo hapo baada ya tusi kama hilo naye ana lake la kujibu. Dakika tano na glasi ya maji hazifilisi ofisi.

Saa nane na nusu nilipiga. Boksi lilikuwa botini. Nikampigia pia mwenye viatu wa Sengerema kabla hajatupigia, na hiyo nayo ilikuwa simu yenye joto, ila fupi, kwa kuwa habari mbaya niliipeleka mwenyewe.

Jioni, saa moja kasoro, simu ya dawati ikaita. Nilikuwa nimeshavaa mkoba. Sauti ileile, nyuma yake nasikia watu wakiitana na maji yakipiga mbao.

"Marahaba," akasema. "Ya asubuhi sikuitikia."

"Asante mama. Taa zimefika?"

"Zimefika, wanazifunga hapa. Sasa mwanangu, ile hela yangu ya bodaboda, kwenda Nansio na kurudi, mara mbili. Hiyo nani analipa?"

Sikuwa na mamlaka ya kurudisha hata shilingi, nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia mwenye mamlaka ni meneja, yuko safarini, anarudi Jumatatu, na kwamba Jumatatu saa nne asubuhi nitampigia kumpa jibu, liwe la ndiyo au la hapana. Akaniuliza tena, Jumatatu saa ngapi? Nikasema saa nne asubuhi. Nikamsikia akimwambia mtu pale mwaloni aandike.